Joto Lililofungiwa Nyuma ya Friji

Wakati ule wa vita vya shifta, fundi wa friji Garissa nilikuwa mimi peke yangu. Serikali ilinitoa pwani, ikanitupa kule, ikanisahau. Barabara zilitegwa mabomu, na bila msafara wa jeshi hata msumari haukufika.

Asubuhi moja niliitwa hospitalini. Friji ya dawa ilikuwa imekufa. Aliyeitunza alikuwa dresa mmoja, mfunga vidonda wa hospitali, mwenyeji, mtu aliyekulia nyuma ya ngamia, na humo ndani mlikuwa na insulini ya binti yake mwenye kisukari. Niliikuta imefungwa blanketi na mikeka pande zote, kama wenyeji wanavyofunika vyombo vya maziwa safarini jua lisiyaharibu. Nikafunua. Kompresa ilikuwa imeungua, inanuka.

"Nani kafanya upuuzi huu?"

"Mimi, fundi. Chumba kilikuwa moto sana. Nikalinda baridi isibotee," akasema dresa, p yake ikitoka b kama Wasomali wengi.

Hasira ilinishuka. Alitaka kujua kosa lake, akaniomba nisimfiche. Nikachukua chaki, nikachora kwenye mlango wa friji.

"Hii ni kompresa. Inabana gesi mpaka inakuwa moto. Gesi inaingia kwenye kondensa, haya mabomba ya nyuma, inatoa joto lake hewani na kugeuka maji. Hayo maji yanapita kwenye vali hii nyembamba, mgandamizo unashuka ghafla, yanakuwa baridi. Ndani ya friji kuna mabomba mengine, ivaporeta. Maji yale yanachemka humo, yananyonya joto la dawa, yanarudi kuwa gesi. Kisha kompresa tena."

Alifuata mshale kwa kidole, akarudia, kisha kidole kikakwama kwenye kondensa.

"Kwa hiyo friji haitengenezi baridi. Inatoa joto nje."

"Ndiyo."

"Na mimi nikaifunga. Joto likakosa njia."

Nilitamani kusema kompresa ilikuwa kuukuu. Lakini aliniuliza kwa utulivu mno, na mchoro ulikuwa mbele yake. Nikasema ndiyo.

Tulizitoa chupa za insulini, zilikuwa na joto kama la kiganja. Dawa ilikuwa imefanya mabonge. Tulizitia kwenye mtungi wa maji ya mto Tana uliovikwa gunia bichi, tukijua tumechelewa. Mke wa dresa alipokuja, mumewe alimweleza yote kwa Kisomali, akimwonyesha mshale mmoja baada ya mwingine, bila kujitetea. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema, dawa iliyobata joto, ikiboa tena, inarudi kuwa dawa?"

Niliirudisha chaki mfukoni. Nikatikisa kichwa.

Waliendelea kumchoma binti yao dawa ile ile, kwa kuwa hapakuwa na nyingine. Walimzika kabla ya msafara kufika. Kompresa mpya ilipofika niliifunga, nikajaza gesi, na friji ikapoa vizuri sana. Dresa aliisogeza mbali na ukuta kwa mikono yake, akapitisha kiganja nyuma yake.

"Joto linatoka," akasema, akaenda kuhudumia wagonjwa.