Mashine ya Onésime na Kifungu cha Saba

Kazi yangu ni kusoma karatasi za watu. Nina meza, kompyuta, mashine ya kopi inayogoma kila mvua inaponyesha, na kibao kinachosema Secrétariat public, Chez Valérie. Kabla ya kufungua kibanda hiki cha Birere, hapa Goma, nilifanya kazi miaka kumi na minne kwa wakala wa forodha, nikichapa ankara na mikataba ya wageni. Kwa hiyo mkataba haunitishi. Kinachonitia hasira ni kwamba watu huniletea karatasi wakishaweka saini. Wanakuja kuuliza mto una kina gani wakiwa wameshalowa hadi shingoni.

Mmoja wao ni Papa Léopold Habarurema wa mtaa wa Mabanga. Mtu wa Masisi, mrefu, mpole, muumini wa kweli, na mwaminifu kiasi cha kuchosha. Alikulia nyuma ya ng'ombe, akauza jibini, akauza mabati, hatimaye akawa wakala wa Yelkaya, kampuni ya Uturuki inayotengeneza mashine za kusaga nafaka na mihogo. Yeye hanunui mashine wala hauzi kwa jina lake. Anatafuta mteja, mteja anailipa kampuni, kampuni inatuma mashine, na Léopold anapata asilimia nane. Walimpa pia koti la kijani lenye jina la kampuni na namba ya simu ya Uturuki mgongoni. Koti hilo halivui, hata siku ya jua kali.

Jumatatu moja ya mwisho wa Juni aliingia kibandani kwangu na koti lake, na mkewe Perpétue nyuma yake amenuna.

"Mama Valérie, uniandikie barua ya kuomba huruma," Léopold alisema. "Kifaransa ya nguvu."

Alinionyesha ujumbe wa Bwana Orhan, msimamizi wake kule Uturuki. Mkataba ulimtaka auze mashine kumi kwa mwaka. Alikuwa na tisa. Mwaka wa mkataba ulikuwa unaisha Ijumaa, na kama kumi haikutimia, angepoteza exclusivité, yaani haki ya kuwa wakala peke yake katika eneo lake. Jamaa mmoja wa Bukavu alikuwa ameshaomba kuingia. Jamaa huyo ana gari na wafanyakazi watatu. Léopold ana koti. Wakiachwa wote wawili sokoni, kila mtu anajua nani atalala njaa.

Nilikuwa nimeandika "Monsieur" tu, Perpétue akaweka mkono juu ya kibodi yangu.

"Mama Valérie, mbele ya kuandika, unisomee kwanza pahali banaandika kama mimi siwezi saga kwa Onésime."

"Onésime nani?"

"Jirani yetu. Iko na mashine, tunatenganishwa na barabara tu. Lakini tangu huyu bwana asaini ile karatasi, ananikataza. Kila posho ninapeleka mihogo mpaka Kanyaruchinya, sababu kule njo kuko mashine ya Yelkaya. Na beseni ku kichwa!"

Posho kwetu ni Jumamosi, na njo ni ndiyo. Nilihesabu Jumamosi za karibu mwaka mzima, nikamtazama Léopold. Hakuona haya hata kidogo. Alinyoosha kidole kama mhubiri.

"Article sept! Wakala hawezi shughulika na mashine ya washindani, directement ou indirectement. Mimi niko directement. Bibi yangu njo indirectement."

Nilicheka mpaka jirani yangu wa vocha akaja kuchungulia. Perpétue hakucheka. Nikaufungua mkataba, kurasa kumi na moja, nikakiona kifungu cha saba.

"Papa Léopold, Perpétue anauzaka mashine ya washindani?"

"Hapana."

"Anawatafutiaka wateja?"

"Hapana."

"Anasagaka tu?"

"Anasagaka tu. Lakini batu bakimuona pale..."

"Basi article sept haimujue. Inakukataza wewe kuuza mashine ya washindani ao kubatangazia, na inakukataza kujificha nyuma ya bibi ao ndugu ufanye ile ile. Indirectement ni pale Perpétue angefungua duka ya mashine ingine kwa jina yake na faida ikaingia mu mufuko yako. Bugali haiko mu mukataba."

Perpétue alichukua mkoba wake, akasema neno moja tu, "Sawa," akatoka kutafuta pikipiki. Léopold alibaki na mimi tukiandika barua ya huruma. Niliiandika vibaya kwa makusudi, kwa sababu barua za huruma zinanichukiza, na nilimwambia tusiitume kabla sijasoma mkataba wote. Aliniambia yeye mwenyewe hajausoma wote. Rafiki yake alimsomea sehemu za makatazo, akaona inatosha. Ndivyo walivyo watu wema: wanatafuta kwanza watafungwa wapi.

Jumanne asubuhi walirudi. Perpétue alikuwa na unga kwenye nyusi, na sasa yeye ndiye aliyetangulia.

"Mama Valérie, nimeingia kwa Onésime. Ile mashine yake ya zamani haiko. Kuko mupya. Ya kijani. Banaandika Yelkaya kubwa, hivi!" Alitanua mikono.

Léopold aliketi bila kukaribishwa. Mashine ya kampuni yake ilikuwa inanguruma ng'ambo ya barabara tangu Februari, na yeye hakuwa na habari. Watoto walikuwa wamesema mezani kwamba mashine ya Onésime imebadili sauti, akawakataza kuleta habari za washindani nyumbani. Akipita pale aligeuza uso. Amri aliyompa mkewe ndiyo iliyomficha mteja wake mwenyewe.

Tulipanda pikipiki mbili hadi Mabanga. Onésime, mtu mfupi wa maneno mengi, alizima mashine ili tusikilizane, na wanawake kwenye foleni wakalalamika.

"Mimi nilikuuliza bei mara mbili, hapa hapa mu barabara," alimwambia Léopold. "Ukageuza kichwa kama nakudai. Basi nikasoma namba ku mugongo yako. Nikabapigia. Shemeji wa Gisenyi akanilipia ku banki ya kule, na mashine ikakuya."

Foleni nzima ilicheka. Léopold alijishika mgongoni, pale penye namba, uso umemwiva kwa aibu. Nami nilimwonea huruma kwa mara ya kwanza. Kwa mwaka mzima alikuwa ametembeza tangazo, tangazo likafanya kazi, na mwenye tangazo akakimbia.

"Imetoka mu mikono," alisema polepole. "Sikumuuzia mimi. Hainihusu."

Hapo hasira zangu zikapanda. Nilimketisha juu ya gunia la mihogo, nikamsomea kurasa ambazo rafiki yake aliziruka. Exclusivité ina pande mbili. Yeye asiuze za washindani. Kampuni nayo isiweke wakala mwingine katika eneo lake, na mteja wa eneo hilo akiipigia simu moja kwa moja, commission, yaani ile asilimia nane, ni ya wakala vilevile, hata kama hakumwona mteja huyo kwa macho. Wanaotolewa ni wale waliotajwa kwenye nyongeza ya mwisho. Nyongeza ilikuwa na majina mawili, mradi mmoja wa kanisa na shirika moja la misaada. Onésime hakuwa kanisa wala shirika. Tena, katika zile kumi zinahesabiwa mashine zote zenye commission, si zile tu alizoziuza kwa mdomo wake.

"Kwa hiyo hii njo ya kumi?" Perpétue aliuliza.

"Kama iko mu territoire yake na imelipwa yote."

Onésime alileta karatasi zake kutoka chini ya godoro. Ilikuwa imelipwa yote. Nilipiga picha kibao cha namba ya mashine na hati ya kupokelea mzigo, nikairarua barua ya huruma, nikaandika nyingine yenye mistari sita.

Bwana Orhan alijibu jioni ile ile, kwa adabu. Ankara ilikuwa kwa jina la yule shemeji wa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na pesa zilitoka Rwanda. Kwa hiyo aliihesabu mashine hiyo kuwa ya Rwanda, nje ya eneo la Léopold. Léopold alikubali papo hapo, akaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi kwa usumbufu. Ningeweza kumchapa.

Eneo lake, kifungu cha pili, ni mji wa Goma pamoja na Nyiragongo, Rutshuru na Masisi, na kinachoangaliwa ni mahali mashine inapofungwa, si mahali pesa zilipotoka. Hati ya kupokelea ilisema Mabanga, Goma. Nilimtumia Bwana Orhan sentensi hiyo pamoja na picha ya Onésime amekumbatia mashine, na nyuma yake foleni ya wanawake wenye mabeseni. Picha haikuwa ya lazima. Niliitaka tu.

Jumatano nzima kimya. Léopold alikaa kibandani kwangu akiitazama simu, na kila mteja wangu alimwuliza kama amefiwa. Alhamisi saa nne jibu liliingia: mna haki, ni ya kumi, exclusivité inaendelea mwaka mwingine, na commission italipwa pamoja na za robo hii.

Léopold alilia. Kisha akapangusa macho akaanza kupiga hesabu ya asilimia nane juu ya dola elfu moja na mia tisa alizolipa Onésime. Nilimwondolea kalamu mkononi. Mia nne zilikuwa za usafiri, na commission ni juu ya bei ya mashine peke yake. Elfu moja mia tano, asilimia nane, mia moja ishirini.

"Na mimi?" Perpétue aliuliza. "Nani aliingia kwa Onésime? Kama miye njo indirectement, indirectement haina part?"

Léopold aliuvuta mkataba mezani, akaanza kutafuta kifungu cha mgao.

Jumamosi nilikuwa na shughuli Mabanga, au niseme ukweli, nilijitafutia. Kwa Onésime foleni ilifika barabarani, na katikati ya wanawake alisimama mtu mrefu mwenye koti la kijani na beseni la mihogo kichwani, analishika kwa mikono miwili kwa woga. Wanawake walimwuliza bei ya mashine, na safari hii alijibu, ingawa hakuweza kugeuza shingo. Onésime alimlipisha bei ya kila mtu.

Ng'ambo ya barabara Perpétue alikuwa ameketi mlangoni kwake juu ya kigoda, miguu ameinyoosha. Nilimsalimu, nikamwuliza kwa nini hakuvuka kumsaidia mume wake.

"Mama Valérie, leo ni posho," alisema. "Saa hii ningekuwa ningali ku njia ya Kanyaruchinya. Uniache kwanza nikae."

Nikaomba kigoda cha pili, nikakaa naye.