Kidole Juu ya Kipimo

Nimefanya kazi dirisha la dawa miaka ishirini na saba, na kama kuna kitu kinanipandisha hasira ni kipimo kisichoeleweka. Kijiko gani? Cha chai au cha chakula? Mara ngapi? Watu wamenicheka kwa hilo, na nimewaacha wacheke.

Basi mpwa wangu wa Kinyerezi, binti wa mdogo wangu, anayeoka keki za watu kwa mizani na saa, aliponiletea simu akasema, "Mama mkubwa, nipangie hii kwa gramu, siisomi," nilifurahi kupita kiasi. Ilikuwa picha ya karatasi ya bibi yangu. Mkate wake wa mchele, ule wa kumimina, aliouandika kwa penseli mwenyewe. Bibi amekufa, na mkate wenyewe hatujaula tangu azikwe. Kila mtu kwenye familia anapika wa kwake, na kila mtu anaapa ndio wa bibi.

Picha ilitoka kwa mama mdogo, binti wa mwisho wa bibi, anayeishi Temeke na karatasi hiyo. Aliipiga juu ya mkeka, kaishikilia kwa kidole gumba ili isikunjike. Niliikuza nikasoma: mchele kibaba kimoja, mfuto. Sukari robo tatu ratili. Nazi mbili, tui zito tu. Iliki robo wakia. Halafu kidole, kimefunika mstari. Halafu mayai mawili, moto juu na chini.

Nilinunua daftari jipya. Nikajiwekea sheria: ninachokijua nakiandika kwa wino wa buluu, nisichokijua naandika kwa wino mwekundu na neno KISIO mbele yake, ili mtu asije akadhani najua. Ratili ni gramu mia nne hamsini na nne, kwa hiyo sukari ni gramu mia tatu arobaini, wino wa buluu. Robo wakia ni gramu saba, buluu. Kibaba kiliniumiza kichwa. Waliosoma wanasema ni ratili moja na nusu, yaani gramu mia sita themanini, lakini kila nyumba ilikuwa na kibaba chake. Nikaandika mia sita themanini kwa wino mwekundu. Tui la nazi mbili, mililita mia nne hamsini, jekundu. Chini ya kidole nikaandika KISIO: hamira, kwa sababu mkate lazima uumuke kwa kitu.

Mpwa wangu akapika. Nilikuwapo. Mchele uliolowekwa ukasagwa na tui, na uji ukawa mzito hata mwiko ukasimama. Bibi alikuwa akimimina, si kuchota. Tuliongeza maji kwa kubahatisha, ukaiva, ukaumuka vizuri kabisa, na ulikuwa mkate wa mtu mwingine. Ulikuwa mtamu tu. Wa bibi ulikuwa na uchachu kidogo nyuma ya utamu, kwenye kingo za ulimi.

"Labda kibaba ni kidogo," mpwa akasema.

"Labda," nikasema. Lakini nilikuwa nimeshajumlisha. Hata ningepunguza mchele, majimaji yasingetosha. Chini ya kile kidole hakukuwa na hamira. Kulikuwa na kitu cha kumiminika, na si kidogo.

Nilikwenda Temeke asubuhi iliyofuata na mizani yangu kwenye mkoba.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Na hiyo mizani? Unakuja kunipima mie?"

Nikamwambia nataka kibaba cha bibi. Akakitoa kwenye pipa la mchele bila maneno. Kilikuwa bati lililochomelewa upande, limekunjika mdomoni. Nilikijaza, nikakifuta kwa kiganja kikawa sawa na mdomo, maana mfuto ndio huo. Gramu mia sita na sita. Mara ya pili mia sita kumi na tatu. Mara ya tatu mia sita kumi na moja. Nikaandika mia sita na kumi, wino wa buluu, nikafuta lile neno jekundu na nikajisikia raha sana.

"Umemaliza?" akauliza.

"Bado kidole chako."

Akakirudisha kibaba kwenye pipa. Kisha akasema karatasi imeliwa na mende pale. Nikasema mende hawali kwa umbo la kidole gumba. Najua si adabu kumjibu mkubwa hivyo, na nilimjibu hivyo hivyo. Akainuka, akafungua bati la biskuti, akanitupia karatasi mapajani.

"Soma basi. Soma ufurahi."

Mstari ulikuwa wazi kuliko mingine yote. Tembo la asubuhi, kikombe kimoja.

Tembo la mnazi, lile ambalo likilala huwa pombe. Bibi yangu aliyefundisha wanawake wa mtaa mzima Kurani kwenye ukumbi wake, ambaye mkate wake ulipelekwa kwenye kila maulidi, aliuumua kwa tembo alilochukua kwa mgema alfajiri, kabla halijakolea. Walifanya hivyo wengi wa zamani, dukani kulipokuwa hakuna hamira. Mimi sikushtuka. Nilitaka kucheka kwa furaha, kwa sababu ulimi wangu haukunidanganya.

Mama mdogo alikuwa analia.

"Unajua watakavyosema? Watu walikula mkate wake miaka yote. Watasema mwalimu alitulisha tembo. Na yeye hayupo kujibu."

"Lilikuwa la asubuhi, halileweshi. Ameliandika mwenyewe. Angekuwa anaona haya asingeliandika."

"Aliandikia binti zake. Hakuandikia simu za watu."

Hapo alinikamata. Akaona nimetetereka, akasogea, akashika daftari langu.

"Si una neno lako hilo jekundu? Liweke hapo. Andika tembo, halafu andika kisio. Basi. Kila mtu ataamua mwenyewe."

Lilikuwa neno moja tu, na lingetupatanisha. Nilimpenda mama mdogo na nampenda hadi leo. Lakini lile neno nililiweka kwa ajili ya ujinga wangu. Nikiliweka kwenye kitu ninachokijua, basi mekundu yote ya daftari hayana maana tena, na hata ya buluu.

"Hapana," nikasema.

Nikaandika mbele ya macho yake, kwa wino wa buluu: tembo la asubuhi, kikombe kimoja. Chini yake kwa wino mwekundu: KISIO, kikombe ni cha chai, mililita mia mbili. KISIO, asiyetumia tembo atie gramu nne za hamira, na maji ya dafu yaliyolala siku moja, kikombe hicho hicho. Niliondoka bila kupewa chai. Jioni nikatuma ukurasa kwenye kundi la familia, na hakuna aliyejibu. Mama mdogo akatoka kwenye kundi.

Idi ilifika bila salamu yake. Mpwa alikuwa ameshapika kwa maji ya dafu, na uchachu ulikuwapo, kidogo. Nilikuwa namega kipande cha pili simu ilipolia. Ilikuwa picha ya mkate kwenye sufuria ninayoijua, wenye kingo za kahawia, na pembeni yake kile kibaba kilichokunjika mdomo. Chini mama mdogo aliandika:

"Tui la nazi mbili ni nusu lita. Nimelipima kwa chupa. Futa kisio chako."

Kuhusu tembo hakuandika neno. Nilichukua daftari nikafuta.