Miaka Tisa ya Kumlaumu Casiano

Remberto Guasase hakutulia asubuhi ile. Alizunguka ndege yake ya injini mbili mara tatu, akipiga teke matope ya uwanja wa ranchi, huku wachinjaji wakipakia robo za ng'ombe. Mawingu ya Beni, nyanda za Bolivia, yalikuwa yanafunga upande wa mji wa Trinidad.

"Padri Mstari Mwekundu!" mwenye ranchi alimtania kwa jina alilopewa kwa tahadhari zake. "Leo unasali rozari ngapi?"

"Toa robo mbili za nyuma, Don Hormando. Mkia ukiwa mzito, usukani unakosa nguvu."

"Marehemu kaka yako alibeba zote."

"Ndiyo maana ni marehemu."

Robo mbili zikatolewa. Yobana, binti wa Casiano huyo marehemu, aliyekuwa akijifunza urubani, aliketi kulia, akafunga mkanda.

Marubani wa kule huinyanyua ndege mapema, kabla matope hayajaishika magurudumu, kisha huiacha ikimbie chini chini juu ya nyasi mpaka ipate mwendo. Casiano alifanya hivyo, injini ya kushoto ikafa. Kwenye mabaki, kipini cha nguvu za injini ya kulia kilikutwa kimesukumwa mpaka mwisho. Kwa miaka tisa Remberto aliomba misa kwa ajili yake, na kwa miaka tisa alimlaumu moyoni: alijua kuwa injini moja kwenye mwendo mdogo huipindua ndege, kwa nini hakupunguza?

Ndege ilishika kasi. Sindano ilikuwa bado chini ya mstari mwekundu wa saa ya mwendo, mpaka ambao chini yake ndege haitawaliki kwa injini moja, gurudumu lilipogonga tuta, ndege ikarushwa hewani. Injini ya kushoto ikakohoa, ikazima.

Mapanga ya injini za ndege hiyo yote huzunguka upande mmoja, na ya kulia huvuta mbali zaidi na kiwiliwili. Ikibaki injini ya kulia peke yake, huipindua ndege vibaya kuliko kama ingebaki ya kushoto. Remberto alikanyaga pedali ya kulia mpaka mwisho. Pua iliendelea kwenda kushoto. Bawa la kushoto likaanza kuzama.

"Baba mdogo, ongeza!" Yobana alipiga kelele.

Mkono wa Remberto nao ulitaka kuongeza. Injini nzima ndiyo pekee iliyokuwa inawashikilia hewani. Kuipunguza kulikuwa kama kumwachia mtu kamba kisimani. Akavuta vipini vyote nyuma, akashusha pua.

Bawa likanyooka. Wakatua kwa kishindo katika nyasi zenye maji, gurudumu la mbele likavunjika, nyama zikawasukuma mgongoni.

Don Hormando alifika juu ya farasi. "Injini moja ilikuwa nzima! Umeizima ya nini?"

Remberto alimsaidia Yobana kushuka majini.

"Yobana," alisema, "nimemsema vibaya baba yako. Nilidhani kuvuta kile kipini ni jambo rahisi."

Msichana alimshika mkono, wakapiga ishara ya msalaba wakiwa wamesimama majini.

"Sasa nionyeshe tena, baba mdogo," alisema. "Ulivuta lini?"