Tiketi ya Saba

Tiketi ishirini na nne zililingana, moja haikulingana.

Mwenzangu alikuwa amekagua mizani ya chama kimoja cha wakulima wa miwa, nami nilipaswa kurudia uteuzi wake wa sampuli ya tiketi za kupimia miwa kabla ya kutia sahihi ripoti. Maelezo yake yalifuatika vizuri. Kila tiketi ya msimu ilipewa namba ya nasibu kwa fomula ya RAND kwenye lahajedwali la kompyuta, namba zikabandikwa kama thamani tupu zisibadilike tena, orodha ikapangwa kuanzia ndogo, zikachukuliwa ishirini na tano za kwanza.

Nilipopanga upya ofisini Kisumu, ya saba haikuwemo kwenye sampuli yake. Badala yake kulikuwa na ya ishirini na sita.

“Mama, hii uliiruka?” nilimwuliza mwenzangu.

“Bwana, mimi siruki. Karani wa mizani alisema haionekani, akaniletea iliyofuata.”

“Na hukuandika?”

“Karatasi moja tu! Utanifunga?”

Lakini tiketi isiyoonekana huripotiwa, haibadilishwi. Kesho yake nilikwenda kwenye mizani. Katika kitabu cha tiketi, vishina vyote vinavyobaki tiketi zikikatwa vilikuwepo isipokuwa cha tiketi hiyo, kilichong'olewa. Karani alisema kitabu hukaa na yeye peke yake.

Bado sijatia sahihi.