Safu ya NANI

Hospitalini walimwita Mama Vipande, na yeye hakuchukia. Achukie kwa nini? Kazi yake ilikuwa kukata maneno ya watu vipande vipande, na aliamini bila haya kwamba katika jengo lile zima hakuna aliyeyakata vizuri kumshinda. Alikuwa amefundisha sarufi sekondari kwa miaka ishirini na miwili. Alipostaafu alikaa nyumbani wiki tatu akimsahihisha mumewe kila alipofungua mdomo, mpaka mume mwenyewe akaenda kumtafutia kozi. Akasoma, akafaulu, akaajiriwa kuwa msaidizi katika chumba cha tiba ya usemi, ghorofa ya chini, kati ya ukumbi wa mazoezi ya viungo na stoo ya magongo.

Waliokuja pale ni watu waliopigwa na kiharusi, maneno yakawaponyoka. Mama Vipande aliwauliza maswali, akawarekodi, kisha akavaa miwani na kuisikiliza rekodi kipande kwa kipande. Kila kitenzi kilijazwa katika fomu yenye safu tatu: NANI, LINI na KUKANUSHA. Mgonjwa akisema "nilishona," basi *ni* inakwenda kwenye NANI, *li* inakwenda kwenye LINI, alama mbili. Akisema "hatutashona," *ha* inakwenda kwenye KUKANUSHA, *tu* kwenye NANI, *ta* kwenye LINI, alama tatu safi. Fomu ilitungwa kwa ajili ya lugha nyingine kabisa, ambayo mtu, wakati na kukataa kila kimoja hutembea kwa miguu yake. Hapa yalitafsiriwa maelekezo tu. Na juu kabisa iliandikwa kwa herufi nzito: kipande kimoja, safu moja.

Sheria hiyo Mama Vipande aliipenda. Fomu zake hazikuwa na mfuto hata mmoja, na wanafunzi wa udaktari walioletwa kujifunza walionyeshwa za kwake. Kichwa kilimvimba kidogo, tuseme ukweli, lakini ni kichwa kilichokuwa na haki ya kuvimba.

Ndipo akaja Fundi.

Fundi alikuwa mjane wa miaka sitini na saba, mshonaji wa nguo, mwenye cherehani mbili katika chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe. Kiharusi kilimlegeza mkono wa kulia na kumwachia maneno machache, anayoyatoa kwa jasho, moja moja. Mwanawe wa pekee, mpima ardhi, alikuwa ameshamwandalia chumba nyumbani kwake na kupata mpangaji wa nyumba ya mama. Hakuwa mtoto mbaya. Alimpenda mamaye mpaka akawa hasikii.

"Mama, nitakuhamisha mwisho wa mwezi," alimwambia siku ya kwanza, mbele ya watu wote.

"Si... hami," alisema Fundi.

"Unaona?" kijana akamgeukia daktari, sauti ikimkatika. "Kila kitu ni si, si, si. Hata hajui anamkataza nani."

Daktari wa usemi alikuwa mwanamke kijana, mtulivu, mwenye kufuata utaratibu kama treni inavyofuata reli. Akaeleza kwamba fomu ndiyo itakayosema. Fundi akipata alama hamsini kati ya themanini, itahesabika kuwa anaweza kujisemea, na neno lake kuhusu nyumba yake litakuwa la mwisho. Asipofika, uamuzi ni wa familia. Kikao kikapangwa Alhamisi.

Mama Vipande akafanya kazi yake kama kawaida, safi, bila mfuto. Fundi akapata thelathini na tisa. Safu ya NANI ilikuwa na mashimo mengi, na daktari akaandika chini yake: mgonjwa anaweza kukataa, lakini haoneshi anayekataa ni nani.

Jumatano asubuhi Mama Vipande aliitoa fomu ili aiweke kwenye jalada la kikao. Aliipitia mara moja ya mwisho kwa sababu alipenda kuipitia, na hapo jambo fulani likamkera. Fundi alipokubali, mtu alikuwepo. "Nataka." "Umekuja." "Wameleta." Alipokataa kwa ajili ya wengine, mtu alikuwepo pia. "Hatujala." "Hawajui." Lakini alipokataa kwa ajili ya nafsi yake, mtu alitoweka, kila mara, bila kukosa. Ugonjwa gani huo unaochagua hivyo? Ubongo ulioumia hukosea ovyo ovyo. Huu ulikuwa unakosea kwa mpangilio wa rula.

Akasoma sentensi kumi na mbili. Sikula. Sitaki. Sikulala. Sihami. Sihami. Sihami.

Na kote humo, kwa mwandiko wake mwenyewe mzuri, *si* ilikuwa imewekwa kwenye KUKANUSHA, na NANI imeachwa tupu, na katika kumi kati yake hata LINI.

"Ewe mwanamke," alijiambia kwa sauti, "miaka ishirini na miwili!"

Maana jambo hili alilijua. Alikuwa amelifundisha ubaoni mpaka chaki ikaisha. *Si* ya "sikula" ni kipande kimoja chenye maana mbili ndani yake, mimi na kukataa, zimeshikana hazibanduki. Ukiikata, unabaki na *s* isiyo na maana yoyote na *i* isiyo na maana yoyote. Na *ku* nayo ni hivyo hivyo: "nililala" ikikanushwa, *li* inaondoka, *ku* inakaa mahali pake na kubeba wakati uliopita pamoja na kukataa. Hata ile *i* ya mwisho wa "sihami" inasema ni sasa, na inasema hapana. Kisanduku kimoja hakitoshi. Fundi alikuwa amesema kila kitu. Aliyemnyang'anya nusu ya maneno yake hakuwa kiharusi, alikuwa ni Mama Vipande na kalamu yake.

Mtu mwingine angeisukuma ile fomu kwenye jalada na kumeza mate. Yeye alipiga moyo konde, akaenda kugonga kwa daktari.

"Daktari, nimeharibu fomu ya Fundi. Na si yake peke yake. Nimeharibu fomu za miezi kumi na moja."

Daktari akamsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Mama yangu, nakuelewa. Lakini wewe ndiye uliyempa alama, na leo unataka kuziongeza, siku moja kabla ya kikao. Watasema umempenda mgonjwa. Siwezi."

"Nani hawezi?"

"Mimi."

"Uliposema siwezi, hukulitaja neno mimi, daktari. Nimejuaje kuwa ni wewe?"

Daktari akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyebanwa mlangoni.

"Alama siziongezi kwa maneno," akasema hatimaye. "Mpime upya kesho, mbele yangu na mbele ya mwanawe. Badilisha mtu, badilisha wakati. Kama *si* yake ni hapana tu, atamwekea kila mtu *si*."

"Hilo ndilo nililolifuata," alisema Mama Vipande, akatoka akitembea kama aliyepandishwa cheo.

Alhamisi saa tatu Fundi aliingizwa kwa kiti cha magurudumu, kitambaa cha kichwa amekifunga mwenyewe kwa mkono mmoja, upande upande. Mwanawe alikaa nyuma yake. Daktari alishika kalamu. Mama Vipande, safari hii, hakushika chochote. Aliweka mikono mapajani.

"Fundi, jana ulishona?"

Midomo ya Fundi ilisogea, ikatafuta, ikapata. "Si... kushona."

"Kesho, hapa hospitalini, utashona?"

"Sita... shona."

Kijana akapumua kwa nguvu. "Si *si* ile ile hiyo?"

"Subiri, mwanangu." Mama Vipande hakumtazama. "Fundi, huyu mwanao. Jana alishona?"

Fundi aligeuza shingo polepole, akamtazama mpima ardhi wake kuanzia viatu hadi kichwani. Kona moja ya mdomo ikapanda.

"Hakushona," alisema, bila kukwama hata kidogo. "Hajui."

Daktari mwenyewe alishindwa kujizuia. Hata kijana alicheka, akajifuta macho, na macho hayakukauka.

"Na majirani? Jana walishona?"

"Hawa... kushona."

"Mimi je? Nilishona?"

Fundi akamtazama Mama Vipande kama mtu asiyeweza kukaa na sindano na uzi hata wiki. "Hukushona."

Watu wanne, na kila mmoja kapewa kipande chake, hakuna aliyevaa cha mwenzake. Nyakati mbili, na *ku* haikujipenyeza kwenye kesho, wala *ta* kwenye jana. Daktari alichora mstari juu ya sheria ya herufi nzito, akaandika pembeni: kipande kimoja kikibeba maana mbili, kijazwe safu mbili. Kisha akarudi kwenye fomu ya zamani na kujaza mashimo moja baada ya jingine kwa mkono wake mwenyewe. Alipomaliza alijumlisha, akajumlisha tena.

"Sitini na moja," akasema. "Anajisemea."

Mama Vipande alihisi kifua kinamjaa. Alikuwa amefaulisha wanafunzi wengi maishani, wengine leo ni wakubwa wa watu, na hakuna aliyewahi kumfanya ajisikie hivi. Alijivunia Fundi. Alijivunia ile *si*, ndogo vile na imebeba mtu mzima na msimamo wake. Na alijivunia nafsi yake pia, kwa nini asijivunie, maana kosa lilikuwa lake na yeye ndiye aliyelivuta masikio mpaka mbele za watu.

Mpima ardhi alitoka nyuma ya kiti, akapiga magoti mbele ya mamaye. Akaushika ule mkono uliolegea.

"Mama. Nisikilize. Kwa hiyo ule mlango uufungue wewe, maji uchote wewe, utakaa mle ndani peke yako?"

Fundi alifumba macho. Shingo ikamkaza, jasho likatokea juu ya mdomo, na Mama Vipande, aliyejua mgonjwa akitafuta neno asisaidiwe, aliuma ulimi wake mwenyewe.

"Sita... kaa peke... yangu," alisema Fundi. Akapumua. Akafumbua macho, akamnyooshea mwanawe kidole cha mkono mzima.

"Utakuja."

Kijana akainamisha kichwa kwenye mapaja ya mamaye. Daktari aliinua kalamu ajaze, kisha akaiweka chini.

"Nitakuja," alisema kijana. "Kila siku, mama. Nitakuja."