Baada ya Z

Mimi si mtu wa kunyamaza, na lile jambo bado linanichoma. Nilikuwa karani wa kompyuta katika hospitali moja Kasulu, nimeletwa kutoka Tanga, baridi ya huku ikinitafuna mifupa. Daktari wa macho alikuja mara chache sana. Siku akija, mhudumu wetu alisimama uani na kipaza sauti: "Wa A!" Wenye A wanasogea, anasoma, anaita herufi inayofuata. Asiyesikia jina lake anarudi kwao.

Mama mmoja Mkongomani, mkimbizi kutoka kambini, alikuwa na presha ya macho. Jicho moja lilishakufa. La pili lilikuwa linasubiri upasuaji.

Jioni moja, daktari ameshaondoka, mama yule akaingia ofisini kwangu akipapasa mlango.

"Mwanangu, nilisikia E yote. Jina yangu hawakuita."

Nikatafuta. Lo! Alikuwepo, ukurasa wa mwisho kabisa, baada ya Z. Mhudumu alifika Z akazima kipaza sauti, kama siku zote. Nani alishasikia kuna watu baada ya Z?

Jina lake linaanza na É, ile E yenye kialama juu. Ndani ya kompyuta kila herufi ina namba: E ni 69, Z ni 90, É ni 201. Programu yetu ilipanga kwa namba tupu, basi É ikatupwa nyuma ya wote. Kanuni ya kupanga majina vizuri inaihesabu É kama E kwanza. Kialama kinaangaliwa tu pale majina yanapolingana kwa mengine yote.

Nikampigia fundi wa programu, Dar.

"Dada, kompyuta haikosei. Futeni hicho kialama."

"Nifute jina la mtu? Kadi yake ya ukimbizi inasemaje? Rekebisha upangaji, bwana!"

Akasema ataangalia. Ataangalia! Nilimpigia mpaka akawa hapokei simu zangu. Daktari naye tukamwomba arudi mapema, haikuwezekana. Mvua zikaja, zikakatika.

Daktari aliporudi, programu ilikuwa imerekebishwa. Mhudumu akaita, "Wa E!" na jina la mama likasomwa mahali pake. Akaitika kwa sauti kubwa, watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana safari hii alikuwa ameshikwa mkono na jirani yake wa kambini.

Daktari akammulika jicho, akazima tochi. Mshipa wa jicho umekufa, akasema, hapa hakuna cha kupasua. Nilitamani kumpigia yule fundi nimtukane, lakini matusi yangemsaidia nini mama wa watu?

Wakati wa kutoka mama akasimama mbele ya ubao tulipobandika majina.

"Nionyeshe jina yangu."

Nikakishika kidole chake, nikakiweka kwenye karatasi.

"Iko na wenzake?"

"Iko, mama. Katikati yao."

Akapapasa karatasi kwa muda, kisha akamwambia jirani waondoke, gari la kambini lisije likawaacha.