Njia za Kufika Kona ya Chini

Aliyenitangulia kuingia alitoka akilia. Hakulia kwa sauti; alipita tu mbele yetu pale koridoni, mkoba ameukumbatia kifuani, machozi yakimshuka hadi kidevuni, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kitu. Kisha mlango ukafunguliwa tena, likaitwa jina langu.

Ulikuwa mtihani wa marudio, ule wanafunzi tunaouita sapu. Somo lilikuwa la algorithimu, hatua za kompyuta kutatua matatizo, na mwaka huo chuo chetu, kilichoko katikati ya mji, kiliamua marudio yafanyike kwa mdomo, mbele ya ubao. Ukifeli na hapo, umedisko. Unafungasha vitu vyako unarudi nyumbani.

Kwangu nyumbani kulikuwa Kariakoo, dukani kwa mama. Mama aliuza vitenge kwa jumla, na mtaa mzima ulijua ana mtoto chuoni anayesomea kompyuta. Asubuhi hiyo nilipita dukani kumuaga. Mwenye duka la jirani, mzee wa Kilimanjaro kama sisi, alikuwa anafungua mlango wake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nasikia leo una mtihani wa mwisho. Mama yako ameshatualika, ukimaliza tunakula."

Nilimtazama mama. Hakujua kwamba ni marudio. Nilikuwa nimemwambia ni mtihani tu, na yeye akafikiri ni ule wa kumalizia. Sikuweza kumsahihisha mbele ya watu. Nilitembea hadi chuoni nikipita katikati ya mikokoteni na wauza mikoba.

Chumbani walikuwepo wawili. Mmoja alikuwa mhadhiri wetu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini sana. Sauti ile ndiyo tuliyoiogopa, maana hakuwahi kuipandisha hata alipokuwa anakufelisha. Mwingine alikuwa mtahini kutoka nje ya chuo, mwanamume mwembamba ambaye kazi yake ilikuwa kuandika. Alianza kuandika kabla sijasema lolote.

"Chora gridi ya miraba minne kwa minne," mhadhiri akasema. "Unaanzia kona ya juu kushoto, unataka kufika kona ya chini kulia. Unaruhusiwa kwenda kulia au kushuka tu. Njia ziko ngapi?"

Nilichora haraka, mistari ikatoka imepinda. Lakini swali nililijua. Nilikuwa nimelikariri usiku kucha.

"Ishirini, Dokta."

"Kwa nini?"

"Kila njia ina hatua sita, tatu za kulia na tatu za kushuka. Tofauti kati ya njia na njia ni mpangilio tu. Ukishachagua ni hatua zipi tatu kati ya sita utakazoshuka, njia nzima imejulikana. Kuchagua tatu kati ya sita kuna namna ishirini."

Mhadhiri aliinuka, akachukua kalamu ya ubao, akapaka wino mweusi kwenye mraba wa safu ya pili, wa pili kutoka kushoto.

"Huu umezibwa. Haupitiki. Sasa?"

Hapo kichwa kikawa kitupu. Kanuni niliyokariri ilikuwa ya gridi isiyo na kizuizi. Nilisikia kalamu ya yule mtahini ikikwaruza karatasi. Nikamfikiria mama anakagua sufuria, na jirani zake wanaulizana mtoto atarudi saa ngapi. Nilitaka kuomba maji, lakini niliogopa sauti ikitoka itakuwa ya kilio.

"Usikimbilie jibu," mhadhiri akasema. "Niambie tu, mraba wowote unafikiwaje?"

"Kutoka juu yake," nikasema polepole, "au kutoka kushoto kwake."

"Basi?"

"Basi njia za kuufikia ni jumla ya njia za kufika wa juu na njia za kufika wa kushoto. Na uliozibwa ni sifuri."

Nikaanza kuandika namba ndani ya miraba. Safu ya juu nikajaza moja moja, kwa sababu unaifikia kwa kwenda kulia tu. Safu ya pili ikawa moja, sifuri, moja, mbili. Ya tatu: moja, moja, mbili, nne. Ya mwisho: moja, mbili, nne, na kwenye kona nane.

"Nane," nikasema.

"Kwa kanuni yako ya mwanzo unaweza kuhakikisha?"

Nilifikiri. "Njia zinazopita kwenye mraba ule: mbili za kuufikia, mara sita za kutoka hapo hadi mwisho. Kumi na mbili. Ishirini toa kumi na mbili, nane. Ila vizuizi vikiwa vingi, kuna njia zinazopita kwenye zaidi ya kimoja, na hesabu ya kutoa inaanza kugongana. Jedwali hili la namba halina shida hiyo."

Kwa mara ya kwanza yule mtahini aliinua macho. Nikaanza kupumua. Mhadhiri akapaka mraba mwingine, huu katika safu ya juu kabisa, wa tatu kutoka kushoto.

Nilifuta namba nikaanza upya, haraka mno. Safu ya juu: moja, moja, sifuri, moja. Nikashuka nikijumlisha hadi kona. "Tano."

"Una hakika?"

Sauti ile ile ya chini. Nilirudia kujumlisha, ikaja tano tena. Nilirudia mara nyingine, tano. Nilijua kuna kosa, la sivyo asingeuliza, na sikuliona. Mtahini alitazama saa yake.

"Njia ya kufika hapa ni ipi?" Mhadhiri aligusa kona ya juu kulia. "Nionyeshe kwa kidole."

Niliweka kidole mwanzoni, nikakisogeza kulia mraba mmoja, na kwenye uliofuata kikagonga wino mweusi.

"Haipo," nikasema. "Juu yake hakuna kitu, na kushoto kumezibwa. Ni sifuri. Niliandika moja kwa mazoea."

Nikasahihisha. Sifuri ile ikashuka na namba zilizokuwa chini yake zikapungua. Kwenye kona ikabaki nne. Sikusubiri aniulize tena. Uoga wenyewe ulinisukuma nitafute ushahidi. "Ukianza kwa kwenda kulia umekwama, mbele kumezibwa na chini kumezibwa. Kwa hiyo lazima ushuke hadi safu ya tatu. Kutoka hapo hadi mwisho hakuna kizuizi: hatua tatu za kulia na moja ya kushuka. Kuchagua moja kati ya nne, ni nne."

Mhadhiri aliitazama ile gridi yangu iliyopinda. "Toka, usubiri."

Nilikaa koridoni nikiwa nimefumba macho. Kila mlango ulipolia nilishtuka. Mhadhiri alipotoka, alipita mbele yangu bila kusimama, akasema tu, "Umepita. Lakini punguza kukariri."

Sikufurahi. Nilienda chooni nikatapika, nikanawa uso, nikarudi Kariakoo. Nyuma ya duka watu walikuwa wameshakaa, wali umepakuliwa. Mama aliniuliza kwa macho, nikaitikia kwa kichwa. Watu wakapiga vigelegele. Nilipomvuta pembeni nikamweleza kwamba ulikuwa mtihani wa marudio na nilikaribia kufukuzwa, alikaa chini juu ya robota la vitenge, mkono kifuani.

"Kwa hiyo asubuhi," akasema, "uliondoka hapa unaogopa hivyo, na mimi nacheka na watu?"

Nilikaa karibu yake. Nje walikuwa wanatuita tukale.